Kwa nini wimbo wa zamani husikika chini?

Weka wimbo wa Mbaraka Mwinshehe kwenye orodha moja na bongo fleva ya mwaka huu. Mzee akiimba, mtu anakwenda kuongeza sauti ya spika. Wimbo unaofuata ukianza, wageni wote wanashtuka. Sababu ni nini?

Faili la muziki lina dari ambalo wimbi la sauti haliwezi kulipita. Nyimbo nyingi za siku hizi hubanwa studioni: vishindo vya ngoma vinapunguzwa, kisha wimbo mzima unasukumwa juu hadi karibu na dari. Katika rekodi nyingi za zamani vishindo vimeachwa vilivyo, kwa hiyo ngoma inagusa juu lakini sauti ya mwimbaji inabaki chini. Sikio letu linapima wastani, halipimi kilele.

Programu kama Spotify hujaribu kusawazisha. Kila wimbo hupimwa wastani wake kwa kipimo kiitwacho LUFS. Dari ni sifuri, na kadiri namba inavyokwenda chini ya sifuri, ndivyo sauti inavyopungua. Lengo la kawaida la Spotify ni -14. Faili lenyewe haliguswi. Programu inapandisha au kushusha sauti wakati wa kucheza tu.

Tuchukue mfano. Bongo fleva ina wastani wa -8, kwa hiyo inashushwa desibeli 6. Wimbo wa zamani una wastani wa -18, kwa hiyo unahitaji kupandishwa desibeli 4. Lakini kilele chake kiko desibeli 3 tu chini ya dari, na Spotify huacha nafasi ya desibeli 1 ili sauti isikwaruze. Basi unapanda desibeli 2 tu na kuishia -16. Pengo la desibeli 10 limebaki 2, ila halijaisha. YouTube nayo hushusha nyimbo zenye sauti kubwa, lakini za chini haizipandishi, kwa hiyo huko pengo hubaki kubwa zaidi.

Dawa yake inashangaza kidogo: punguza lengo. Wanaolipia Spotify wanaweza kuchagua Quiet kwenye mipangilio ya sauti, na lengo linakuwa -19. Sasa bongo fleva inashushwa desibeli 11 na wimbo wa zamani desibeli 1. Hakuna unaohitaji kupandishwa, kwa hiyo hakuna unaozuiwa na dari, na zote mbili zinakutana -19. Sauti iliyopungua utaiongeza kwenye spika, mara moja tu, kabla sherehe haijaanza.

Zikishalingana, sikiliza ngoma. Za Mbaraka zitaruka mbele kuliko za wimbo uliobanwa, kwa sababu vishindo vyake havikupunguzwa studioni.