Usisubiri Hatua 10,000 Ndipo Uimarishe Misuli

Mtu anayeshinda kitini kutwa, siku akiamua kubadilika, ushauri wa kwanza anaopewa ni namba: hatua 10,000 kwa siku. Anaanza na 2,500 zinazoonekana kwenye simu yake, na kila anayemtakia mema anamhimiza aendelee kupanda mpaka afike. Akiuliza kuhusu mazoezi ya nguvu anajibiwa kwamba hayo ni ya baadaye, au ni ya vijana wa jimu. Mpangilio huo unawaumiza watu. Mtu wa miaka hamsini anaweza kumaliza mwaka mzima akiifukuzia namba hiyo huku mapaja yake yakizidi kulegea.

Namba yenyewe haikutoka maabara. Ilianzia Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ilipoingiza sokoni kifaa cha kuhesabia hatua na kuitumia hiyo 10,000 kukinadi. Si namba mbaya, ila haina mpaka wa ajabu ndani yake. Mwaka 2019 I-Min Lee na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya wanawake wazee wa Marekani: waliokuwa wakitembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wale wa 2,700, na faida iliacha kuongezeka kwenye hatua kama 7,500. Nafuu kubwa, basi, humfikia yule anayeondoka chini kabisa.

Kuna jambo ambalo hatua haziligusi, hata ziwe nyingi vipi. Msuli huongezeka nguvu unapodaiwa zaidi ya ulivyozoea, hadi ukaribie kuchoka. Kutembea kwenye tambarare hakuudai hivyo: kila hatua hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu ya paja, na mwili ukishazoea, hatua ya elfu nane ni nyepesi sawa na ya elfu mbili. Moyo na pumzi vinafaidika, sukari ya damu inashuka, lakini nyuzi za msuli zinazomwinua mtu kutoka kwenye mkeka, au kumshika anapojikwaa, zinabaki bila kazi. Na hizo ndizo hupungua haraka zaidi umri ukisogea.

Tazama pia hesabu ya muda. Kwa mwendo wa kawaida wa hatua 100 kwa dakika, kutoka 5,000 hadi 10,000 ni dakika 50 za ziada kila siku, karibu saa sita kwa wiki. Siku mbili za nguvu, dakika 20 kila moja, ni dakika 40 kwa wiki. Anayesema hana muda ndiye hasa anayepaswa kuzichagua hizo 40. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka vyote viwili kwa mtu mzima, dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Hausemi popote kwamba kimoja kiishe ndipo kingine kianze.

Sisemi mtu aruke kutembea. Aliyekaa miaka mingi huanza na hatua kwa sababu miguu, visigino na moyo vinahitaji kuzoeshwa polepole, na kwa sababu ni rahisi kuona kama anatimiza. Ninachopinga ni kuchelewa kuhama.

Mchukue mhasibu wa Dar es Salaam mwenye miaka 52, presha yake inadhibitiwa kwa dawa na daktari wake amemruhusu. Wiki ya kwanza habadilishi kitu, anahesabu tu. Anapata wastani wa hatua 2,600. Kila wiki inayofuata anaongeza 500, ambazo ni dakika tano hivi: anashuka kwenye daladala kituo kimoja kabla, au anazunguka jengo baada ya chakula cha mchana. Wiki ya sita yuko 5,100. Hapo anatulia wiki mbili. Magoti na visigino visipolalamika, hapandishi tena. Wiki ya tisa anaingiza siku mbili za nguvu, Jumanne na Ijumaa.

Zoezi la kwanza, na ningebakiwa na moja ningelichagua hili, ni kuinuka kitini. Achukue kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani, si cha plastiki kinachoteleza. Anakaa ukingoni, anarudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, anainamisha kifua mbele, anasimama bila kusukuma kwa mikono huku akitoa pumzi. Kushuka ndiko kwenye kazi: ahesabu moja hadi tatu kabla ya makalio kugusa kiti. Wengi hujiachia wakaanguka kitini, na hapo nusu ya zoezi imepotea. Kama hawezi kuinuka bila mikono, aweke mto mgumu kiti kiwe juu zaidi.

Mengine matatu ni mafupi: kusukuma ukuta kwa viganja, kuvuta begi lenye chupa za maji kuelekea ubavuni, na kunyanyua visigino akiwa ameshika meza. Wiki mbili za kwanza anafanya seti moja ya mara nane kwa kila zoezi, kisha seti mbili. Uzito unatosha pale mara mbili za mwisho zinapokwenda taratibu, lakini bado angeweza kuongeza mbili au tatu. Akiweza kupiga soga tangu mwanzo hadi mwisho, ni mwepesi mno. Akifika mara 12 katika seti zote mbili za kuinuka kitini, anakumbatia begi lenye unga kilo mbili na kurudi kwenye nane. Na asibane pumzi, hasa mwenye presha.

Kosa ninaloliona zaidi ni kupandisha hatua na kuanza nguvu wiki hiyohiyo. Goti likiuma, hakuna anayejua limeumizwa na nini. Siku ya nguvu hatua zikishuka hadi 4,000, ziachwe zishuke. Kosa la pili ni shauku ya siku ya kwanza. Mapaja kuuma kesho yake na keshokutwa ni kawaida. Lakini kama siku ya nne bado hawezi kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta, alizidisha, na dawa yake ni kupunguza seti, si kuacha. Maumivu makali ndani ya kiungo, uvimbe, kizunguzungu au kubanwa kifua ni sababu ya kusimama papo hapo. Mkojo ukigeuka rangi ya chai kavu baada ya zoezi zito, aende hospitali siku hiyohiyo.

Watasema umri umepita. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha majaribio ya Boston ya wazee dhaifu wenye wastani wa miaka 90, waliofanya mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Nguvu yao ilizidi maradufu. Mhasibu wetu ni kijana mbele yao.

Baada ya miezi miwili ya nguvu anaweza kurudi kwenye hatua na kusogea taratibu hadi 7,000, siku zake mbili zikibaki palepale. Akiugua au akisafiri wiki mbili, anarudi na seti moja kwa uzito mwepesi kuliko alioachia, na kuurudisha wote ndani ya wiki mbili.