Kahawa: mwezi wa saba haupandishi bei

Wakulima wa kahawa wa Kivu, na familia za wahami zilizobaki na magunia machache, wanaonyeshwa kwenye simu michoro ya bei ya New York na kuambiwa kwamba kahawa hupanda kila mwezi wa saba. Eti wasiuze, wakope pesa ya chakula, wangojee. Wenye kusambaza maneno hayo wanapaswa kuombwa ushahidi kwanza.

Chanzo cha maneno hayo kipo. Mwezi wa saba ni wakati wa baridi huko Brazili, inchi inayotoa kahawa nyingi kuliko zote. Mwaka 1975, 1994 na 2021 baridi iliunguza mikahawa na bei ikaruka. Lakini hiyo ni miaka michache, na wastani unaificha miaka mingine. Tuseme bei inashuka 2% kwa miaka tisa, kisha mwaka wa kumi inapanda 40%. Wastani ni kupanda 2.2%. Mchoro unaonyesha mwezi mzuri, na huku aliyengoja amepata hasara mara tisa kwa kumi! Tena wafanya biashara wa New York nao wanajua kalenda: hofu ya baridi huingia katika bei mapema, na baridi isipokuja, bei hushuka.

Wengine wanajitetea: mwezi fulani ulipanda miaka nane kwa kumi. Basi warushe sarafu mara kumi. Upande mmoja kutokea mara nane au zaidi ni kama mara 5 kwa 100, jambo la nadra. Lakini mwaka una miezi 12, na wao waliitazama yote kabla ya kuchagua mmoja. Ukirusha sarafu 12, kila moja mara kumi, karibu nusu ya nyakati moja yao itafikisha nane bila sababu yoyote.

Kipimo cha haki si kigumu. Mwezi uchaguliwe kwa bei za miaka 20 ya kwanza, kisha upimwe kwa miaka 20 iliyofuata, ambayo mchaguzi hakuitazama. Halafu mwaka uliopanda kuliko yote uondolewe. Faida ikipotea, hapakuwa na majira, palikuwa na bahati.

Maharagi ni jambo lingine. Bei yake hushuka mavuno yakifika sokoni na hupanda akiba ikiisha, na kila mama wa soko anaijua sababu. Hata hivyo, mwenye kuyaweka huondoa kwanza hasara ya wadudu, malipo ya depo na riba ya deni. Ikiwa maharagi yenye sababu ya wazi yanahitaji hesabu hiyo, ni kwa haki gani familia iliyokimbia vita iambiwe kukopa kwa ajili ya mchoro usiopimwa? Na bei isipopanda, aliyetuma mchoro hatalipa hilo deni.