Wavu sio modeli, jamani!

Nimepotea kidogo, lawama zote nazitupia majaribio ya wiki iliyopita. Leo nina jambo moja la kubishania, na najua jamaa zangu wa uhandisi watanirukia. Potelea mbali, niacheni niseme.

Kisa chenyewe kilianzia fildi. Shule niliyopangiwa ina maikroskopu moja tu inayofaa, na kifundo chake kimoja cha kuzungushia, kile kikubwa cha kushoto, kilipasuka zamani. Watoto walikuwa wanazungusha shafti tupu kwa koleo. Ukikosea kidogo, lenzi inashuka na kuvunja slaidi. Mwalimu wa baiolojia akaniambia, "We si unasoma chuo kikubwa, tafuta namna." Basi nikaomba ruhusa, nikafungua kifundo cha kulia kilichokuwa kizima, nikakifunga kwenye leso na kuja nacho chuo. Mpango ulikuwa kukiskani, kuchapa pacha wake kwa printa ya 3D, na kukirudisha kabla vidato havijaanza mazoezi ya praktiko.

Rafiki yangu wa karakana ana skana ya mwanga. Kifundo ni cheusi na kinang'aa, na skana haipendi kitu kama hicho, kwa hiyo tulikipaka poda ya mtoto kidogo sana kwa brashi laini. Tukakigeuza geuza, tukaunganisha picha, tukapata wingu la nukta kama 380,000. Kwenye skrini lilikuwa zuri hadi unataka kulishika. Jamaa akasema, "Kazi imeisha. Bonyeza hapa, bonyeza pale, itatoka modeli."

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza.

Tulibonyeza kweli. Kwenye CloudCompare tulitoa nukta zilizopotea kwa `SOR filter`, tukakokotoa mielekeo ya nukta, tukaendesha `PoissonRecon`. Ukatoka wavu wa pembetatu kama 200,000, umefunga kila mahali kama mpira. Tukaupeleka FreeCAD, tukachagua `Create shape from mesh...`, laptopu ikaganda, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, umbo lilikuwepo. Nikasema haya, sasa nipanue tundu la shafti kidogo, maana printa huwa inabana matundu. Nikabofya tundu. Hakuna tundu! Kuna vipembetatu maelfu vimekaa kama mviringo, lakini hakuna mviringo. Hakuna namba ya kipenyo ninayoweza kuibadilisha. Tukajaribu `Refine shape`, ambayo inaunganisha nyuso zilizo kwenye bapa moja. Haikusaidia kitu, kwa sababu kila pembetatu ya skani imeinama kidogo tofauti na jirani yake, hivyo karibu hakuna mbili zilizo bapa moja.

Na kibaya zaidi, tundu lenyewe lilikuwa la uongo. Skana inaona kile ambacho mwanga unafika na kamera inakiona. Ndani ya tundu la milimita 6 ilipata nukta chache za mdomoni tu. Njia ya Poisson kazi yake ni kutengeneza uso uliofungwa, kwa hiyo palipokosa nukta ilijibunia tu, ikaziba tundu kwa kitu kama puto. Mtu asiyekijua kifundo angeamini kabisa kwamba ndivyo kilivyo. Kingo kali nazo zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika.

Sasa hoja yangu ni hii: wingu la nukta ni ushahidi, sio mchoro. Linakuambia kitu kiko wapi leo, pamoja na mikwaruzo yake, poda yake na mitetemo ya skana. Haliwezi kukuambia kwamba hapa fundi alikusudia silinda. Hilo lazima uliamue wewe. Kitufe cha kubadilisha hakiwezi kukuamulia, kinachofanya ni kukificha tu kwamba hujaamua.

Kwa hiyo nilianza upya, jioni tatu kwenye kimbweta, na nilifanya hivi.

Kwanza nilikisimamisha. Wingu likitoka kwenye skana limelala vyovyote lilivyotaka. Nilikata nukta za uso bapa wa mbele, nikaendesha `Fit` ya bapa, na programu yenyewe inakuandikia namba za kuligeuza ili bapa lile lilale sawasawa. Halafu nikatafuta silinda ya nje kwa `RANSAC Shape Detection` na kusogeza wingu hadi mhimili wa silinda ukapita kwenye sifuri. Usiruke hatua hii hata kama una haraka, maana kila kipimo kitakachofuata kinategemea mhimili huu.

Pili, nilikata kipande chembamba cha nusu milimita kinachopita kwenye mhimili, kama kukata andazi katikati. Ukikiangalia kwa ubavu unaona mstari mmoja wa nukta, ndio sura yote ya kifundo. Nikauingiza FreeCAD na kuchora juu yake mistari iliyonyooka na pinde mbili basi. Ukizungusha mchoro ule kwenye mhimili unapata mwili mzima. Mifereji ya pembeni niliihesabu kwa kidole, iko 24. Nilichonga mmoja tu, halafu `PolarPattern` ikairudia mara 24, yaani kila nyuzi 15. Modeli nzima ikawa na nyuso kama 60 badala ya pembetatu 200,000, na kila uso una namba yake.

Tatu ni namba zenyewe, na hapa ndipo ninapopapenda kama mwalimu wa fizikia mtarajiwa. Silinda ya nje ilitoka na nusu kipenyo 18.94, yaani kipenyo milimita 37.88. Je, niandike 37.88? Hapana. Hakuna fundi aliyekaa akachora 37.88. Lakini pia huwezi kukimbilia 38 bila kufikiri, kwa sababu inchi moja na nusu ni milimita 38.1, na kama kifundo kilichorwa kwa inchi utakuwa umekosea. Nikachukua vernia kalipa, ile ile ya fomu wani, nikapima vitu vingine. Urefu 20.0, tundu 6.0. Vyote vinakaa kwenye milimita kamili, wala urefu hauangukii robo tatu inchi, ambayo ni 19.05. Basi kimechorwa kwa milimita, na 38 ndiyo jibu. Kipenyo cha tundu nacho nilikitoa kwenye kalipa, sio kwenye skana. Mahali ambapo skana haikuona, usiiulize.

Nne, nililinganisha. Nilitoa modeli yangu FreeCAD, nikairudisha CloudCompare na kupima umbali wa kila nukta ya skani kutoka kwenye modeli kwa `Cloud/Mesh Dist`. Sehemu kubwa ilikuwa kijani, ndani ya milimita 0.1. Ila kulikuwa na madoa mawili ya bluu pembeni, nukta zimezama ndani kama milimita 0.3.

Jamaa akashangilia, "Ona, modeli yako mbovu!" Tulia kaka. Makosa ya modeli yana tabia zake. Ningekosea kipenyo, rangi ingebadilika sawasawa kuzunguka kifundo chote. Mhimili ungehama, upande mmoja ungekuwa mwekundu na wa pili yake ungekuwa bluu. Haya madoa yalikuwa sehemu mbili tu, juu ya migongo kati ya mifereji, kwenye mifereji yenyewe hakuna kitu. Nikakishika kifundo kama ninavyokishika siku zote. Kidole gumba kikakaa kwenye doa la kwanza na cha shahada kwenye la pili. Ulikuwa ni ulikaji wa vidole vya watoto wa miaka yote. Ndiyo maana hata kile kipenyo kilitoka pungufu ya 38. Ule wavu wa kubonyeza ungechapa kifundo kipya kikiwa tayari kimechakaa!

Sasa nisikilizwe vizuri, sisemi wavu ni dhambi. Ukiskani nakala ya fuvu la Zinj lililopatikana Olduvai mwaka 1959, utafute silinda gani humo? Hakuna aliyelichora, na hakuna atakayebadilisha kipenyo chake. Pale safisha wavu, ziba mashimo kwa uangalifu, uache hivyo hivyo, na ule ulikaji wa meno ndio hasa unaoutaka. Swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza ni moja: je, kuna mtu atakuja kubadilisha namba kwenye kitu hiki? Kama yupo, kichore upya juu ya nukta. Kama hayupo, wavu unatosha.

Kuna gharama, sikatai. Kitufe kilichukua muda wa chai, mimi nilitumia jioni tatu, na jioni moja nzima niliitupa kwa sababu nilikuwa nimekosea mhimili. Jamaa anasema kifundo cha plastiki hakistahili jioni tatu. Labda. Lakini sikilizeni kilichotokea kwenye printa.

Kifundo cha kwanza kilitoka, tundu la 6.0, kikagoma kuingia kwenye msumari wa milimita 6 niliokuwa naujaribia. Nilifungua faili, nikafuta 6.0, nikaandika 6.3, nikachapa tena. Kikaingia kwa kusukuma kidogo. Kubadilisha namba kulichukua kama nusu dakika. Kwenye ule wavu wa pembetatu ningebadilisha nini?

Jumatano nilipanda daladala kwenda kule shule na vifundo viwili kwenye leso, wa zamani na pacha wake. Mwalimu alivifunga mwenyewe, akazungusha taratibu, lenzi ikashuka bila kuruka. Akaniuliza kama naweza kumtolea na cha akiba. Nikamwambia shikamoo mwalimu, faili ninayo, na kama shafti ya maikroskopu nyingine ni ya milimita 5, ni kubadilisha namba moja tu.

Jamaa wa karakana bado hajakubali. Anasema nimebahatika kwa sababu kifundo ni cha mviringo. Ameniletea kava la pampu lililopindapinda, anataka nione nitakavyoteseka. Haya, nimelipokea. Naanza na mhimili.

Nawasilisha.