Mama akitokwa damu, mifuko peke yake haitoshi

Mama akitokwa damu nyingi baada ya kuzaa, familia iliyo kwenye mlango wa materniti huuliza kwanza kama mifuko ya damu ipo. Ni swali la haki. Lakini kuna lingine ambalo waganga wangepaswa kujiuliza mapema zaidi: damu ya huyu mama bado inaganda?

Kinachofunga jeraha mwishoni ni protini iitwayo fibrinojeni. Trombini huigeuza kuwa nyuzi, nazo hunasa chembe za damu kama wavu. Mtu mzima ana gramu 2 hadi 4 kwa lita ya plasma. Mwenye mimba ya miezi ya mwisho ana karibu 4 hadi 6. Ndiyo sababu gramu 2, ambazo kwa mwanaume ni kawaida, kwa mama anayetokwa damu ni alama ya hatari kubwa.

Tuchukue mfano wa mama ambaye kondo la nyuma limebanduka kabla mtoto hajatoka. Kwa hali hiyo fibrinojeni huisha haraka. Amepewa oksitosini, kizazi kimekaza, lakini damu inaendelea kutoka, nyepesi, bila mabonge. Hata palipochomwa sindano panachuruzika. Labo inapata gramu 0.8. Inatia trombini kwenye plasma yake na kuhesabu: sekunde 32, wakati plasma ya mtu mzima wa afya imeganda kwa 16. Kipimo hiki kinaruka hatua zote za mbele na kuangalia ile ya mwisho tu. Kikichelewa, fibrinojeni ni chache, ama ipo lakini haifanyi kazi vizuri, kama inavyotokea kwa wagonjwa wengine wa ini. Heparini ikiingia kwenye sampuli nayo huchelewesha, kwa hiyo damu isitolewe kwenye mrija uliosafishwa kwa dawa hiyo.

Vituo vingi vya afya havina mashine hiyo. Lakini kichupa chembamba cha kioo, kisafi na kikavu, hakiwezi kukosekana. Mililita 2 za damu zinawekwa ndani, kinashikwa kwenye ngumi kibaki na joto, na baada ya dakika 4 kinainamishwa polepole, kisha kila dakika. Dakika 7 zikipita bila bonge, ama bonge likiwa laini na kuvunjika, damu haigandi. Plastiki haifai, na sabuni iliyobaki inaharibu jibu.

Hapo kumpa chembe nyekundu pekee ni kujaza ndoo iliyotoboka, kwa maana karibu hazina fibrinojeni. Anahitaji damu kamili, plasma, ama krayo pale ilipo. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 ndani ya saa 3 tangu kuzaa, inalinda nyuzi zilizokwisha kufungwa, haileti mpya. Anayempeleka mama hospitali kuu ya rufaa aandike jibu la kichupa na saa yake kwenye karatasi, ili plasma ianze kuyeyushwa kabla hajafika.