Mashine mbovu ya mionzi si skrepa

Wadau, leo naomba tuongelee skrepa. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Delhi, India, kiliuza kwa mnada mashine ya mionzi iliyokaa bila kutumika tangu 1985. Mafundi skrepa wa Mayapuri wakaifungua, kobalti-60 iliyokuwa ndani ikabaki wazi. Mmoja wao akafa, wengine wakaungua.

Sasa piga hesabu. Nguvu ya kobalti-60 hupungua nusu kila miaka 5 na kidogo. Kwa miaka ile 25 ilishuka hadi kama sehemu 1 kati ya 27, na bado iliua! Kuichoma au kuiyeyusha hakuimalizi, kunaisambaza tu.

Huku kwetu Titye mnunuzi wa vyuma chakavu ana mizani, hana kipima mionzi. Kwa hiyo mi nasema hivi: hospitali au kiwanda kisifute mashine ya namna hiyo kwenye vitabu vyake mpaka Tume ya Nguvu za Atomu, yenye ghala la mabaki ya mionzi Arusha, iwe imeichukua. Nawe ukikuta chuma kina alama ya mapanga matatu kama feni, usikiguse. Sogea mbali, toa taarifa.