Jamaa wa Ipuli Aliyemkatalia Mkewe Biashara: Alikosea Wapi, na Wapi Alikuwa Sahihi

Kuna wanandoa wa Ipuli, Tabora mjini, majina kapuni, ambao stori yao imezunguka sana kwenye magrupu ya wasapu. Mke alitaka kuuza asali. Mume, fundi pikipiki, akasema hataki. Hapo mtaa ukagawanyika. Wadada wakasema jamaa anambania mke, washkaji wakasema mke akishashika hela hashikiki. Kila upande ulikuwa na uhakika, na hakuna aliyeuliza swali la maana: jamaa alikuwa anakataa kitu gani hasa?

Maana hakuwa anakataa asali. Alikuwa anakataa kausha damu.

Dada yake mkubwa alishapitia hiyo mikopo. Alichukua laki mbili akawa anarejesha elfu kumi kila siku kwa siku 30. Piga hesabu: ni laki tatu, yaani ndani ya mwezi mmoja mkopo umezaa nusu yake. Siku alizokwama, walikuja na kirikuu wakabeba makochi, tivii na mtungi wa gesi, majirani wanaangalia. Jamaa ndiye aliyeenda kukomboa. Tangu siku hiyo, akisikia mwanamke anataka "mtaji", anachoona kichwani ni kile kirikuu.

Tatizo ni kwamba hakusema. Kwa miezi mitano jibu lake lilikuwa "sitaki", basi. Mke akatafsiri anavyojua: huyu ananiona sina akili. Akaanza kuchukua fomu za mkopo kimyakimya. Siri ikavuja kwa sababu wakopeshaji walitaka saini ya mume na picha za vitu vya sebuleni. Ugomvi wa siku hiyo ulisikika nyumba ya tatu, lakini ndio uliotoa ukweli mezani.

Katika ule ugomvi jamaa alijaribu pia kuchomekea mila, eti mwanamke wa Kinyamwezi hafanyi biashara. Hapo alijiabisha bure. Enzi za misafara ya kutoka Ujiji kupita Unyanyembe hadi Bagamoyo, wanaume walikuwa wanaondoka na mizigo miezi na miezi, wanawake wanabaki na mashamba na akiba ya chakula. Na wengine walisafiri na msafara wenyewe, wakipika, wakibeba, wakiuza pombe. Bibi zake huyo huyo jamaa huenda walikuwa wafanyabiashara kabla babu hajarudi na kanga.

Kisheria nako hana pa kushika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali na kuimiliki. Kwa hiyo neno "ruhusa" halikuwa lake kulitumia. Lakini nyumba wanaishi wote, na hofu ya makochi kubebwa ni hofu halali. Vikao vya mashangazi vingeishia kwenye kusutana tu. Kilichosaidia ni kwamba wao wawili walikaa na kuongelea hela kwa majina yake.

Walichokubaliana ni hiki. Msimu wa kwanza hakuna mkopo wowote. Mke atatoa laki tatu zake za mchezo, zamu yake ilikuwa imefika. Mume ataongeza elfu sabini. Safari ya kwanza ya Sikonge, ambako asali ipo ya kutosha, wataenda wote kwa pikipiki yake, kwa sababu kilichokuwa kinamsumbua pia ni mke kulala vijijini kwa watu asiowajua. Baada ya hapo mzigo utakuja kwa basi. Na hela ya matumizi ya nyumbani itaendelea kuachwa mezani kama kawaida.

Hili la mwisho mke ndiye aliyeling'ang'ania, na hapo alionyesha akili kuliko wengi. Ndoa nyingi zinavunjikia hapa: mke anaanza kupata vijisenti, taratibu mume anasahau kununua unga, kodi inahamia kwa mke, na mtaji unaliwa na jiko. Kifungu cha 63 cha sheria ile ile kinasema kumtunza mke ni wajibu wa mume kadiri ya uwezo wake. Kibanda cha asali hakifuti huo wajibu.

Wakanunua ndoo mbili za lita 20, moja laki na sitini. Hapa kuna kitu wanaoanza huwa hawajui: asali ni nzito kuliko maji, lita moja ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo moja ni kama kilo 28. Unanunua kwa ndoo, unauza kwa kilo. Faida inaanzia hapo, hata kabla hujaongeza bei.

Ndoo ya kwanza ilikuwa safi. Baada ya kuchuja zilibaki kilo 26, zikatoka chupa 52 za nusu kilo, elfu tano kila moja. Ndoo ya pili ikawaumbua. Baada ya wiki tatu kifuniko kikaanza kuvimba, juu kuna povu, harufu chachu. Ilirinwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, ikabaki na maji mengi. Kama kuna anayenunua, aombe kuona masega, na aitilie shaka asali inayotiririka kama chai. Mke akaikimbiza kwa mama mmoja anayepika wanzuki, akapata laki moja.

Jamaa, bila shaka, alifungua mdomo kusema "si nilikwambia". Akaufunga, kwa sababu walishaandikiana kuwa hesabu inajadiliwa mwisho wa msimu tu, si siku ya hasara. Hiki kipengele kidogo kiliokoa mambo makubwa.

Hesabu ya mwisho: asali laki tatu na ishirini, chupa elfu ishirini na sita, usafiri elfu ishirini. Jumla 366,000. Waliuza 360,000. Hasara elfu sita. Sasa rudisha zile fomu za mkopo kwenye picha. Kwa masharti aliyopewa dada mtu, laki tatu na sabini ingedai 555,000 ndani ya siku 30, wakati chupa 52 zilichukua karibu miezi miwili kuisha. Asali haiuziki kila siku kama vitumbua, na mkopo wa kurejesha kila siku hauwezi kuisubiri. Kwa hiyo kwenye mkopo jamaa alikuwa sahihi kabisa. Kwenye kumkatalia mke na kunyamaza, alichemka.

Msimu wa pili mke anataka kuingia kwenye kikundi cha wanawake ili waombe mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, na hauna riba. Mume amekubali, ila kitu chochote cha ndani kisiwekwe rehani bila wote wawili kujua.

Kilichobaki ni zile elfu sabini. Mke anasema mume alimpa. Mume anasema aliwekeza, na ameshaanza kuuita mzigo "asali yetu". Hilo bado halijaisha.