Nyuma ya Runinga: Picha ya Kuchukua Kabla ya Kwenda Dukani

Msomaji wetu mmoja, mama wa nyumba katika mtaa wa Mbotela, ametuandikia kuhusu runinga aliyoletewa na shemeji yake kutoka Uingereza. Runinga ni nzima na picha yake ni safi, ila ilifika pasi na rimoti wala stendi. Alikwenda barabara ya Luthuli akamwambia muuzaji, "Nataka rimoti ya Samsung ya inchi arobaini," akapewa. Rimoti ile inawasha na kuzima, na sauti inapanda na kushuka, lakini haifungui orodha ya programu za mtandao. Sasa anaogopa kununua stendi kwa njia ile ile.

Tunaona aliombwa kidogo mno, naye akasema kidogo mno. Jina la kampuni na idadi ya inchi haviitambulishi runinga. Kampuni moja hutoa runinga za inchi arobaini za namna nyingi, mwaka baada ya mwaka, na rimoti za miaka iliyokaribiana zaweza kuelewana katika kuwasha na katika sauti bila kuelewana katika yote. Kitambulisho chenyewe kipo kwenye kibandiko cha mgongoni, na hicho ndicho tulichomwomba atupigie picha.

Picha hiyo ina adabu zake. Kwanza runinga izimwe, waya uchomolewe kwenye soketi, na watu wawili wailaze kifudifudi juu ya blanketi lililotandazwa sawasawa. Wasiishike kwa kubana kioo. Kisha zipigwe picha mbili: moja ya mgongo mzima, na nyingine ya kibandiko peke yake. Mwanga wa simu uzimwe, kwa kuwa vibandiko hivi hung'aa na maandishi yakapotea ndani ya weupe. Ni afadhali kurudi nyuma kidogo na kuikuza picha baadaye kuliko kuisogeza simu mpaka maandishi yakawa ukungu.

Kibandiko kina maneno mengi: nguvu za umeme, nchi ilikotengenezwa, alama za ukaguzi. Linalotakiwa ni neno Model, au Model Code. Herufi S/N ni namba ya runinga hiyo moja tu, mfano wa namba ya kitambulisho cha mtu. Haisaidii kutafuta rimoti, na hatuoni sababu ya kumpelekea muuzaji asiyejulikana. Ifunikwe kwa kidole.

Picha ya mama yetu ilisomeka UE40H6400AK. Tuifungue taratibu. U ni aina ya kioo, yaani LED. E ni Ulaya. Runinga za LED za Samsung zinazotengenezwa kwa masoko ya kwetu huanza na UA. 40 ni inchi. H ni mwaka wa toleo, 2014. Zile za 2015 zina J, na za 2020 zina T. 6400 ndiyo daraja lake ndani ya mwaka huo. Basi maneno "Samsung ya inchi arobaini" yalibeba sehemu moja tu ya jina hili, na mwaka na daraja, ambavyo ndivyo vinavyoamua rimoti, havikutajwa kabisa. Wengi hukosea pia katika kunakili: sifuri huandikwa kama O, na nane kama B. Kwa hiyo tunashauri picha yenyewe ipelekwe dukani, wala si maandishi ya mkono.

Jina hilo likishapatikana, muuzaji hulitumia kutafuta namba ya rimoti yenyewe. Rimoti nyingi za Samsung zina namba inayoanza na BN59, na za LG huanza na AKB. Huandikwa nyuma ya rimoti au ndani ya kifuniko cha betri. Mwenye rimoti ya zamani iliyovunjika asiitupe, kwani namba iliyo ndani yake ni ushahidi mkubwa kuliko kibandiko cha runinga. Na kabla ya kuihukumu kuwa imekufa, elekeza ncha yake kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze kitufe. Taa ikimetameta kwa rangi ya zambarau kwenye kioo cha simu, rimoti inatuma, na huenda ubovu uko kwenye runinga.

Zipo runinga za bei nafuu ambazo kwazo hata Model haitoshi. Jina la nje huwa moja, lakini ubao wa ndani hubadilishwa kila shehena inapoingia, na rimoti nayo hubadilika. Hapo pelekeni picha ya rimoti ya zamani au ya kijitabu kilichokuja na sanduku, na mpatane na muuzaji kwamba isipofungua orodha itarudishwa.

Tuje kwenye stendi, ambako hofu ya msomaji wetu ina msingi. Stendi ya asili hutengenezwa kwa umbo la runinga moja. Ya inchi arobaini na ya inchi arobaini na nane za daraja lile lile zaweza zisifanane matundu. Kwa hiyo stendi ya asili huitaka Model nzima, na ya runinga ya 2014 iliyotoka Ulaya ni adimu hapa Nairobi. Lakini haimlazimu kuitafuta. Katikati ya mgongo wa runinga mna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba au mstatili, kwa vipimo vinavyofuatwa na kampuni karibu zote. Breketi ya ukutani hufungwa hapo, na hapo hapo hufungwa stendi ya mezani ya jumla, ile yenye mlingoti na miguu. Kwa vitu hivyo viwili muuzaji hahitaji jina la runinga. Anahitaji vipimo vya matundu.

Vipimo huchukuliwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, upana kwanza, kisha urefu wa kwenda chini. Lazeni rula au utepe wa fundi cherehani juu ya matundu na mpige picha ya tatu. Mama wa Mbotela alipata sentimita ishirini kwa ishirini, ambayo madukani husomwa 200x200, yaani milimita. Sanduku la breketi likiwa limeandikwa 100x100 peke yake, halimfai hata kama limechorwa runinga ya inchi arobaini. Liangaliwe pia kwa uzito linaoweza kubeba.

Mwisho ni skrubu, na hapa ndipo tumeona runinga nzima ikiharibiwa na fundi mwenye haraka. Unene wake husemwa M4, M6 au M8, yaani milimita nne, sita au nane. Ulio sahihi huingia kwa vidole mizunguko kadhaa bila kulazimishwa. Urefu nao upimwe: ingiza kijiti cha meno ndani ya tundu hadi kigote, weka alama kwa ukucha, kitoe ukipime, kisha ongeza unene wa bati la breketi. Skrubu isizidi urefu huo. Ikizidi hugota kabla ya bati kukaza, na fundi akiendelea kuisukuma hupasua kilicho ndani. Ikiwa fupi mno, runinga nzima huning'inia kwa mizunguko miwili ya uzi.